Kumfundisha prisepta kutoa mrejesho: mafunzo ya alasiri mbili kwa kutumia mashine ya presha

Mwongozo huu ni wa anayeandaa mafunzo ya maprisepta, yaani wauguzi na wakunga wazoefu wanaokabidhiwa wanafunzi wa vyuo wakiwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Umepangwa kwa ajili ya kituo cha afya au hospitali ya kawaida ya Dodoma, mahali ambapo prisepta huyohuyo ana foleni ya akina mama nje, ripoti ya zamu ya kuandika, na wanafunzi watatu au wanne wanaomfuata nyuma. Kwa hiyo hautumii siku tano za semina. Unatumia alasiri mbili za saa tatu tatu, zikitenganishwa na siku saba za kazi.

Kazi iliyochaguliwa kufanyiwa zoezi ni moja tu: kupima presha ya mjamzito. Kila prisepta anaifahamu, haihitaji mgonjwa wa kweli, na ina makosa mengi madogo ambayo yanabadilisha namba bila mtu kushtuka. Ukianza na kazi ngumu kama kumzalisha mama, maprisepta watabishana kuhusu uzalishaji na mrejesho utasahaulika.

Kabla ya kuanza

Chukua maprisepta tisa, si nane wala kumi, kwa sababu zoezi kuu linafanywa na watu watatu watatu. Wawezeshaji wawe wawili. Kipindi kianze saa 8:00 mchana, baada ya kliniki kupungua, na inchaji akubali kwa maandishi kwamba hao tisa hawataitwa wodini hadi saa 11:00. Mafunzo mengi huharibikia hapa: mtu anatoka kwa dakika kumi, anarudi, na kikundi chake cha watatu kimeshakufa.

Vifaa ni mashine tatu za presha za kupima kwa mkono, kafu za saizi mbili (ya kawaida kwa mkono wenye mzunguko wa sentimita 27 hadi 34, na kubwa kwa sentimita 35 hadi 44), futi ya fundi cherehani, stethoskopu tatu, saa ya ukutani inayoonyesha sekunde, na kadi tupu zipatazo mia moja za ukubwa wa nusu karatasi. Usilete projekta. Ikiwepo, mwezeshaji ataishia kusoma slaidi.

Tafuta pia watu wawili wa kuigiza. Mmoja awe mjamzito, wa pili awe mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada. Anayeigiza mwanafunzi afundishwe makosa yake mapema na ayafanye kwa namna ileile kila mara.

Alasiri ya kwanza: kuona

Mwezeshaji asianze kwa kueleza mrejesho ni nini. Aanze na igizo.

Mjamzito anaingia akihema, ametembea kutoka kituo cha daladala juani. Amevaa sweta, maana ni Julai na Dodoma asubuhi ilikuwa baridi. Mkono wake una mzunguko wa sentimita 36. Mwanafunzi anamkaribisha kwa upole, anamwita mama, anamweleza anachotaka kufanya na kumwomba ruhusa. Kisha mambo yanaharibika. Anampima papo hapo bila kumpumzisha. Anafunga kafu ya kawaida juu ya sweta. Mkono wa mama unaning'inia pembeni ya kiti. Wakati kafu inapungua upepo, mwanafunzi anamuuliza mtoto anacheza mara ngapi, na mama anajibu. Anaachia upepo haraka, anasikia 142 kwa 92, anaandika 140/90.

Igizo lote lichukue dakika nne. Maprisepta hawapewi orodha ya kukagulia. Wanaambiwa sentensi moja tu: "Andikeni mlichokiona." Wapewe dakika tano, kila mtu na kadi yake, bila kujadiliana.

Kusanya kadi, changanya, soma kwa sauti bila kutaja aliyeandika. Utakutana na maneno kama "hajiamini", "ana haraka", "mzembe kidogo", "anajitahidi", "hajui kupima presha". Chora mstari katikati ya ubao. Upande wa kulia andika sentensi ambazo kamera ingezirekodi, upande wa kushoto andika hukumu. "Kafu ilikuwa juu ya sweta" inakwenda kulia. "Ana haraka" inakwenda kushoto. Kwenye kadi tisa za mara ya kwanza usishangae upande wa kushoto ukijaa hadi chini.

Usiwakemee. Chukua kila hukumu na uulize aliyeiandika (atajitokeza mwenyewe): "Macho yako yaliona nini mpaka ukasema ana haraka?" Atafikiri, kisha atasema: "Mama alikuwa bado anahema, akafunga kafu." Hiyo ndiyo sentensi ya mrejesho, na ilikuwepo kichwani mwake muda wote ila imefunikwa na hukumu. Mwanafunzi akiambiwa ana haraka, kesho atapima polepole, kwa kafu ileile, juu ya sweta lile lile. Akiambiwa mama alikuwa anahema, anajua cha kubadilisha.

Kuna hukumu moja ya kukaa nayo kidogo, "hajiamini". Ukichimba, mara nyingi kilichoonekana ni mwanafunzi kuinamisha macho alipokuwa anaongea na mkubwa wake. Kwa kijana aliyelelewa vijijini Kongwa au Bahi hiyo ni heshima, wala haihusiani na presha. Prisepta akiliandika kwenye kitabu cha mazoezi, mwanafunzi anabaki na doa ambalo hawezi kulifuta kwa kujifunza chochote.

Baada ya hapo rudia igizo lilelile. Safari hii kadi ziwe na sentensi za upande wa kulia tu. Tarajia kila prisepta aone angalau makosa manne kati ya saba, na jambo moja lililofanywa vizuri. Asiyefika apewe igizo la tatu akiwa na mwezeshaji wa pili pembeni. Zoezi hili lote hula saa moja na nusu, na waandaaji wengi hulikata liwe dakika ishirini ili wafike haraka kwenye "jinsi ya kusema". Wanaofanya hivyo hupata maprisepta wenye maneno matamu na wasio na cha kusema.

Kuchagua kosa la kusema

Sasa kila mtu ana makosa kadhaa mkononi. Mwanafunzi hawezi kuyabeba yote. Achaguliwe moja, au mawili yakishabihiana, na prisepta afundishwe kuchagua kwa maswali mawili: lipi linabadilisha hatima ya mama zaidi, na lipi mwanafunzi anaweza kulirekebisha kwa mama anayefuata.

Watu watapenda kuchagua kumzungumzisha mama, kwa sababu ndilo linaloonekana waziwazi. Wapimishe kwanza. Mtu mmoja akae akiwa amepumzika dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjwa nne, mkono wazi umewekwa mezani usawa wa moyo. Mzunguko wa mkono wake upimwe kwa futi, na kafu ichaguliwe kwa namba hiyo. Ukingo wa chini wa kafu uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko. Pampu hadi mapigo ya kifundo cha mkono yapotee, ongeza milimita 20 hadi 30, kisha achia upepo milimita 2 kwa sekunde. Halafu mtu yuleyule apimwe mkono ukiwa umening'inia, na kafu ndogo kuliko inavyostahili. Mkono ulio chini ya usawa wa moyo huongeza namba, na kafu ndogo kwenye mkono mnene huongeza pia. Maprisepta wakiona namba zinavyopanda kwa mwenzao, hawahitaji kuhubiriwa.

Kwenye igizo letu mjamzito akipimwa upya kwa kafu kubwa, amepumzika, mkono mezani, karatasi ya mwigizaji inasema 126 kwa 78. Mwanafunzi alikuwa ameandika 140/90, ambayo ndiyo mpaka wa kuhesabu presha ya juu kwa mjamzito. Mama mwenye presha ya kawaida angeanza kufuatiliwa kama mgonjwa. Kwa hiyo la kwanza ni kafu na mahali pa mkono. Kupumzika kunafuata. Kukadiria namba iishie na sifuri ni tabia ya wodi nzima, na ukweli ni kwamba mwanafunzi ameiokota kwa maprisepta wenyewe. Hilo lisemwe ukumbini, si kwa mwanafunzi.

Kusema, kwa dakika tano

Mazungumzo ya mrejesho yana hatua tano. Zifundishe kwa maneno halisi, si kwa majina ya hatua.

Ya kwanza ni mahali. Mama akishatoka, prisepta na mwanafunzi wanasogea pembeni, mlango ukirudishwa au nyuma ya pazia la chumba cha pili. Mbele ya mama haisemwi. Isipokuwa kitu kimoja: kama kosa linaweza kumdhuru mama sasa hivi, au namba iliyopatikana ni 160 kwa 110 au zaidi, prisepta anaingilia papo hapo kwa sauti ya kawaida, "Tusaidizane hapa kidogo", anachukua nafasi, anashughulika na mama, na mrejesho unasubiri hadi mama awe salama. Maprisepta wengine hukaa kimya wakidhani kuingilia ni kumwaibisha mwanafunzi. Wafundishwe sentensi hiyo fupi waiseme kwa midomo yao angalau mara tatu.

Ya pili ni kumwuliza mwanafunzi. Swali la "Umejionaje?" halifanyi kazi hapa kwetu. Jibu lake ni "Vizuri, sista", au kimya. Swali linalofanya kazi ni jembamba: "Ukiambiwa umpime tena mama yule sasa hivi, utabadilisha kitu gani kimoja?" Kisha prisepta anyamaze akihesabu moyoni hadi kumi. Kimya hicho ni kigumu kuliko chochote kwenye mafunzo haya, na mwezeshaji ahesabu kwa saa ya ukutani, kwa sababu wengi huvunjika kwenye sekunde ya tatu na kujijibu wenyewe.

Liepukwe pia swali la "Kwa nini hukuangalia saizi ya kafu?" Kwa Kiswahili, "kwa nini hukufanya" ni mashtaka yaliyovaa alama ya kuuliza. Mwanafunzi anajitetea, au anaomba msamaha, na yote mawili hayamfundishi kafu. Ukitaka kujua sababu, sema "Nieleze ulivyoichagua ile kafu." Huenda akajibu kwamba ndiyo pekee aliyoikuta kwenye mashine, na hapo prisepta amegundua tatizo la chumba, si la mwanafunzi.

Ya tatu ni kusema kilichoonekana na kilichosababisha, kwa pamoja: "Kafu uliyotumia ni ya mkono wa mwisho sentimita 34, na mama ana 36. Mkono ulikuwa umening'inia. Vyote viwili vinapandisha namba, ndiyo maana ulipata 142 na tulipopima upya tukapata 126." Hakuna neno "wewe ni". Hakuna "sisi enzi zetu". Kama kuna jambo lililofanywa vizuri, lisemwe kwa kipimo hichohicho cha kamera: "Ulimweleza mama kabla ya kumgusa na ulimsubiri akubali." Sifa ya "umefanya vizuri sana" ikifuatwa na "lakini" haisikiki, mwanafunzi husubiri lakini yake. Sema jema, weka nukta. Kisha anza sentensi mpya.

Ya nne ni tendo. "Kwa mama anayefuata, pima mkono kwa futi kwanza, chagua kafu, weka mkono mezani." Tendo moja, la mama anayefuata, si la "siku zijazo".

Ya tano ni mwanafunzi kurudisha. Asiulizwe "Umeelewa?", maana jibu ni ndiyo hata akiwa hajaelewa, kumwambia mkubwa hujaelewa si jambo jepesi. Aambiwe: "Nionyeshe kwenye mkono wangu." Akionyesha, prisepta anaona. Na mama anayefuata akiingia, prisepta asimame karibu dakika zile nne za kwanza, maana mrejesho usiofuatwa na jaribio la pili unabaki maneno.

Mazungumzo yote yawe ya Kiswahili, hata kama chuoni wanasoma kwa Kiingereza na kitabu cha mazoezi kimeandikwa kwa Kiingereza. Prisepta akilazimisha lugha ya mtihani, nusu ya akili ya mwanafunzi inatafuta maneno.

Zoezi la watatu watatu

Katika kila kikundi mmoja ni prisepta, mmoja mwanafunzi, mmoja mtazamaji. Wasianze kwa igizo lile la sweta ambalo wote wamelizoea. Mwezeshaji ampe "mwanafunzi" kadi yenye makosa mawili mapya, kwa mfano kuvuta mkono wa nguo inayobana hadi begani ukafunga mkono kama kamba, na kusoma namba ya chini pale sauti inapofifia badala ya pale inapopotea. Dakika tatu za kupima, tano za mrejesho, nne za mtazamaji kumpa mrejesho prisepta. Kisha wanabadilishana hadi kila mtu apite kwenye nafasi zote tatu. Dakika 36 kwa jumla, na kumi za kupotea katika kubadilishana viti.

Mtazamaji ana kadi yenye maswali manne: Ni nani aliongea zaidi? Sentensi ya kwanza ya prisepta kuhusu kosa ilikuwa ya kamera au ya hukumu? Tendo lililotajwa ni lipi, kwa maneno yaliyotumika? Mwanafunzi alionyesha au aliitikia tu? Swali la kwanza lijibiwe kwa saa. Prisepta anayedhani ameongea kidogo akiambiwa ametumia dakika nne kati ya tano, anashtuka, na mshtuko huo unamsaidia kuliko ushauri.

Mtazamaji naye ampe prisepta mrejesho kwa hatua zilezile tano. Hapa ndipo wawezeshaji hujisahau: wanafundisha mrejesho wa kamera halafu wanawaambia maprisepta "mmejitahidi, lakini ongezeni bidii." Watu huiga wanachotendewa.

Siku saba za katikati

Kila prisepta anarudi kazini na kadi tatu. Anatoa mrejesho mara tatu ndani ya wiki, kwa kazi yoyote anayoiona: kuweka kanula, kuchoma sindano, kupokea mama kliniki. Kwenye kila kadi anaandika mistari minne: nilichokiona, kilichosababisha, tendo tulilokubaliana, na kilichotokea jaribio la pili. Jina la mwanafunzi lisiandikwe, wala alama. Mwanafunzi akijua kadi inakwenda kwenye matokeo yake, ataanza kuficha makosa, na prisepta hataona kitu cha kusema.

Mwenye wanafunzi kumi na wawili atasema hawezi. Ni kweli, kuwaona wote hawezi, na asijaribu. Achague wawili kwa zamu, awaambie asubuhi baada ya ripoti: "Leo nitakuangalia wewe ukipima na wewe ukichoma sindano." Kuambiwa mapema kunamwandaa mwanafunzi, na kunamfunga prisepta asiahirishe.

Alasiri ya pili

Kadi 27 zinawekwa mezani. Kila moja anasomewa prisepta mwingine ambaye hakuwepo, na anaulizwa: "Ungekuwa wewe ndiye mwanafunzi, kesho ungefanya nini tofauti?" Akijibu kwa tendo, kadi imepita. Akijibu "ningeongeza umakini", imeanguka, na mwandishi wake anaiandika upya papo hapo. Zitakazoanguka zitakuwa hasa za mstari wa tatu: "ajitahidi kufuata utaratibu", "azingatie usafi wa mikono". Ya pili inaonekana nzuri mpaka uulize lini. Ikiandikwa "atakase mikono baada ya kugusa pazia na kabla ya kufungua kanula", inaeleweka.

Mstari wa nne ukiwa mtupu kwenye kadi nyingi, tatizo si maneno. Ina maana prisepta alisema kisha akaondoka. Tumia muda uliobaki kupanga naye, kwa ratiba ya wodi yake hasa, ni wakati gani jaribio la pili linawezekana. Kliniki ya wajawazito mama anayefuata yupo mlangoni. Wodini kanula ya pili inaweza kuja saa kadhaa baadaye, zamu nyingine, kwa prisepta mwingine. Hapo kadi ikabidhiwe kwenye ripoti ya zamu kama anavyokabidhiwa mgonjwa: "Mwanafunzi huyu anafanyia kazi kutakasa mikono kabla ya kanula, mwangalie moja."

Saa ya mwisho iwe ya mazungumzo magumu: mwanafunzi anayelia, anayebisha, na anayesema "Mkunga wa jana aliniambia nifanye hivi." Huyu wa tatu ndiye wa kawaida, na jibu lake haliko kwa mwanafunzi. Prisepta aseme, "Kwa leo pima kwa namna hii, mimi nitaongea na mwenzangu," na aongee kweli. Anayelia apewe maji na muda, kisha mrejesho uendelee pale ulipoachwa siku hiyohiyo. Ukiahirishwa hadi kesho, anachokumbuka ni kulia tu.

Ndani ya wiki nne, mwezeshaji amfuate kila prisepta kazini mara moja, akiwa na kadi ileile ya maswali manne, asimame kimya wakati anatoa mrejesho kwa mwanafunzi wa kweli. Anayeendelea kuongea dakika nne kati ya tano hapelekwi semina nyingine. Anawekwa mtazamaji wa mwenzake kwa zamu mbili, akiwa na kadi na saa, kisha anaangaliwa upya.